Malkia wa Shupaza si lazima awe mchepuko

Kosa linalovuruga usomaji wa mapenzi kwa taroti, karata za kutabiria, kuliko yote hutokea ndani ya sekunde mbili za mwanzo. Karata zimetandazwa, katikati ametokea malkia, na mteja ameshika mdomo: "Ndiye huyo!" Msomaji mchanga naye hukubali, kwa sababu sura ya mwanamke iko pale mezani na swali lilikuwa la mwanamke mwingine. Baada ya hapo karata zote zilizobaki zinasomwa kumzunguka mtu ambaye hakuna aliyethibitisha kwamba yupo.

Hesabu iwekwe mbele kabla ya hisia. Jozi ya taroti ina karata 78. Kati ya hizo 22 ni karata kubwa, kama Wapendanao, Shetani na Mwezi, 40 ni za namba, na 16 ni za watu: Kijana, Mpanda Farasi, Malkia na Mfalme, mara nne, kila mmoja kwa aina yake. Ukitoa karata tano, uwezekano wa kupata angalau mtu mmoja ni karibu asilimia 69. Ukitoa kumi, unafika asilimia 91, na kwa wastani watakuwa wawili. Malkia peke yake hutokea katika takriban mtandazo mmoja kati ya kila minne ya karata tano. Kwa hiyo kuonekana kwa mtu mezani hakujasema lolote bado. Ni kama kusikia kwamba kwenye daladala alikuwemo mwanamke. Kinachosema ni amekaa kiti gani, anatazama wapi, na jirani zake ni akina nani.

Aina zenyewe tunazijua sisi tuliokua tukicheza karata barazani, hata kama hatujawahi kushika taroti. Kopa, uru, pau na shupaza ni maneno tuliyoachiwa na Wareno, na kwao yana maana ya vikombe, dhahabu, magongo na panga. Hivyo ndivyo vitu vinavyochorwa kwenye taroti: vikombe, sarafu, fimbo na panga. Anayejifunza kwa Kiswahili hana haja ya kukariri majina mapya. Kopa hubeba mambo ya moyo, uru ya fedha, mwili na nyumba, pau ya hamu na harakati, shupaza ya maneno, fikra na mikato. Ila Mpanda Farasi ni mgeni kwetu, kwa sababu jozi ya kawaida ya karata 52 ina watu watatu tu kwa kila aina. Huyo wa nne ndiye anayesumbua watu, na nitamrudia.

Jozi inayotumiwa zaidi ni ile iliyotolewa London mwaka 1909, iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Waite alitoa kanuni ya kumchagulia mtu karata yake kwa umri na rangi. Kwa kanuni hiyo, Mpanda Farasi ni mwanamume wa miaka 40 na kuendelea, Mfalme ni wa chini ya hapo, Malkia ni mwanamke aliyepita 40, na Kijana ni mwanamke aliye chini ya umri huo. Kisha akagawa aina kwa nywele na macho: pau kwa wenye nywele za manjano au nyekundu, kopa kwa kahawia nyepesi, shupaza kwa kahawia nzito, uru kwa nywele nyeusi na macho meusi. Jaribu kanuni hiyo Tanga au Kisumu uone. Mke, mume, mchepuko, mawifi na shemeji wote wanaingia kwenye uru, na karata nyingine kumi na mbili zinabaki bila wenyewe. Ilitungwa kwa ajili ya sebule za Waingereza, ibaki huko.

Hata suala la umri lina mtego. Wasomaji wengi wa leo wamegeuza: Mpanda Farasi ni kijana mwenye mbio, Mfalme ni mtu mzima. Ukianza kusoma kwa kanuni moja ukamalizia kwa nyingine, mwanamume mmoja atakuwa na miaka 25 mwanzo wa kikao na 50 mwishoni. Chagua kabla ya kuchanga, na ushikilie hapo. Mimi natumia hii ya leo, na bado naichukulia miaka kuwa dokezo la mwisho. Cheo cha karata naisoma kama namna mtu alivyo ndani ya jambo. Kijana ndiyo kwanza linaanza. Mpanda Farasi linakwenda na kurudi. Malkia na Mfalme wameshakaa, kiti wanacho.

Ukishusha vyeo namna hiyo, swali la mteja, kwamba mpinzani wake wa mapenzi ni yupi kati ya vyeo hivi vinne, linapata sura inayofanyiwa kazi. Mpinzani wa Kijana ni wa ujumbe: simu inayogeuzwa kifudifudi, salamu za usiku, kitu ambacho hakijapewa jina hata na wahusika. Wa Mpanda Farasi ni wa safari na vipindi, anayetokea mwezi huu akapotea mwezi ujao. Wa Malkia ana mahali pake. Kwetu hiyo inaweza kuwa nyumba ndogo yenye kodi inayolipwa, na inaweza pia kuwa mke mwenza wa halali ambaye mteja anamjua vizuri, kwa hiyo uliza kabla hujamwita mchepuko. Wa Mfalme ni yule mwenye kauli. Akitokea kwenye swali la mke kuhusu mume, mara nyingi hajaja kwa mapenzi. Ni baba, kaka mkubwa au bosi anayeamua mume akalale wapi na mshahara uende wapi.

Kiswahili kinatusaidia kwenye jinsia. "Yeye" wetu hana sketi wala suruali. Tumia neno hilo kwa muda mrefu uwezavyo. Malkia anaweza kuwa mwanamume mwenye tabia ya kutunza na kushika siri, na Mpanda Farasi anaweza kuwa binti. Msomaji anayesema "namwona mwanamke" mapema anafunga mlango ambao karata hazijaufunga.

Sasa utaratibu. Kabla ya karata kuguswa, swali lipasuliwe. Mteja huja na maswali mawili yaliyofungwa kamba moja: "Kwa nini amebadilika, na ni nani?" La pili limeshajibu la kwanza. Mwulize kwanza nini kimebadilika na tangu lini. Kisha chukua karatasi, andika watu halisi wanaozunguka nyumba hiyo: wazazi wa pande zote, watoto wa ndani na wa nje ya ndoa, ndugu anayeishi nao, wa kazini, rafiki asiyebanduka. Watano hadi wanane wanatosha. Orodha hii ni lazima iandikwe kabla, kwa sababu baada ya Malkia kutokea hakuna mteja anayemkumbuka tena mama mkwe wake.

Halafu nafasi. Kwa swali hili natandaza tano kwa mstari mmoja, kushoto kwenda kulia: ya kwanza ni mteja, ya pili ni kilicho kati yao, ya tatu ni mwenzi, ya nne ni kinachomvuta mwenzi kutoka nje, ya tano ni jambo linakoelekea. Mstari una faida yake: macho ya watu kwenye picha yanaonekana yanaelekea kwa nani. Nafasi ina nguvu kuliko sura. Mtu akitua kwenye kiti cha mteja, ni mteja. Akitua kwenye kiti cha mwenzi, ni mwenzi. Hata awe na upanga, hata awe wa jinsia nyingine. Kiti cha nne ndicho pekee ambamo mpinzani anaweza kukaa bila kubishaniwa, na hata hapo ana majaribio matatu ya kupita.

La kwanza, hakuna mtu kwenye orodha anayemfaa zaidi. La pili, pembeni yake kuna karata ya mvuto au ya kificho: Mbili ya Kopa, Wapendanao, Shetani, Mwezi, au Saba ya Shupaza, yule jamaa anayenyata na panga tano huku akiangalia nyuma. La tatu, yeye na mwenzi wanagusana, kwa kukaa jirani au kwa kutazamana. Akipita yote matatu, mtaje kama uwezekano wenye uzito. Akipita mawili, sema "kuna mtu, sijui ni wa nini". Akipita moja, mwache.

Jaribio la macho linataka uijue jozi yako kwa mkono. Kwenye jozi ya 1909, Mpanda Farasi wa Kopa na wa Uru wanaelekea kulia kwa anayetazama. Wa Pau na wa Shupaza wanaelekea kushoto. Malkia wa Shupaza naye ameelekea kulia, upanga umesimama wima, mkono mwingine ameunyoosha. Karata ikipinduka kichwa chini, upande nao unageuka, wa kulia anaelekea kushoto. Wengi wanasahau hili na kusema mume anamtazama mke ilhali amempa kisogo.

Wapanda farasi wanne wanafaa kuwekwa mezani siku moja peke yao, uwaangalie farasi badala ya watu. Wa Pau ameinua miguu ya mbele. Wa Shupaza anakimbia kama ameumwa na kitu. Wa Kopa anatembea taratibu, kikombe kimetangulizwa mbele. Wa Uru amesimama kabisa, mweusi, mbele ya shamba lililolimwa. Wa Kopa ndiye anayesingiziwa zaidi, vitabu vingi vinampa ulaghai wa mapenzi, kumbe jambo la kuuliza ni moja: kile kikombe anampelekea nani? Tazama karata anayoielekea, kulia akisimama, kushoto akipinduka. Ikiwa mbele yake ni kiti cha mteja au karata yenye habari ya nyumba yao, mtu anarudi kuomba suluhu, na msomaji aliyemwita hawara atakuwa amemfukuza mlangoni.

Tuchukue mtandazo mmoja tuupitie. Mteja ni mwanamke wa miaka 34, mume yuko Muscat kazini, na tangu Machi simu zimepungua na fedha zinachelewa. Orodha yake ina watu sita: mama mkwe, shemeji wa kiume anayesoma chuo, mtoto wa mume wa ndoa ya kwanza mwenye miaka 16 anayeishi kwa bibi yake, bosi, mwenzake mume anayeishi naye chumba kimoja, na dada yake mteja mwenyewe. Karata zinatoka hivi: Malkia wa Shupaza, Tano ya Uru, Mpanda Farasi wa Uru, Kijana wa Kopa, Sita ya Uru. Zote zimesimama.

Usomaji wa haraka unajulikana. Malkia wa Shupaza ni mjane au mtalaka mwenye ulimi, Kijana wa Kopa ni kisichana kinachotuma mapenzi kwa simu, mume amezingirwa na wawili. Mteja atalia, na atalipa.

Anza na viti. Malkia wa Shupaza amekaa kiti cha kwanza, kwa hiyo ni mteja. Waite aliandika chini yake ujane, kukosa, na utengano, na mwanamke ambaye mumewe yuko ng'ambo anaishi kitu kinachofanana na hicho bila msiba. Amegeukia kulia, yaani anawatazama wengine wote mezani, upanga tayari. Hii ni habari kuhusu namna anavyopokea simu, na inastahili kuambiwa kwa upole. Mpanda Farasi wa Uru yuko kiti cha tatu, ni mume. Farasi wake hajasonga. Mtu wa kazi, mzito wa maneno, amekwama palipo na sarafu. Kati yao ni Tano ya Uru: masikini wawili wanapita kwenye theluji chini ya dirisha la kanisa lenye mwanga, mmoja ana magongo. Hapo hakuna kopa hata moja. Kilicho kati yao ni upungufu.

Uzito uko kwenye kiti cha nne, na sitaficha kwamba hapa karata zinatatiza. Mpanda Farasi wa Uru ameelekea kulia, kwa Kijana wa Kopa, na mke ameachiwa kisogo. Kwa hiyo jaribio la tatu Kijana amepita: ni jirani na anatazamwa. Jaribio la pili hajapita, kwa kuwa jirani yake wa upande wa pili ni Sita ya Uru, tajiri mwenye mizani mkononi anagawa sarafu kwa waliopiga magoti. Hakuna kificho wala uchu. Jaribio la kwanza ndilo linalomwangusha. Kijana wa Kopa amesimama kando ya bahari na kikombe ambacho samaki ametoa kichwa akimtazama, na kwenye orodha yuko mtoto wa miaka 16. Karata ya kijana kwanza hupewa kijana halisi, ndipo zifuatie tafsiri za ujumbe na mapenzi mapya.

Bado naruhusu karata moja ya ziada, moja tu, iwekwe juu ya Kijana, na swali lake litamkwe kabla ya kuivuta: "Huyu anahitaji nini kwa mume?" Ikitoka Tatu ya Uru, fundi anachonga jengo huku wawili wamemshikia ramani, tunazungumzia kujifunza kazi, ada, kitu kinachojengwa kwa ajili ya mtu. Uru nne na kijana mmoja. Ingetoka Mbili ya Kopa, watu wawili wanagonganisha vikombe, ningelazimika kusema: jaribio la pili sasa limepita, huyu anaweza kuwa mtu wa moyo, na yuko hatua ya ujumbe. Karata ya ziada lazima iwe na uwezo wa kukukatalia. Wanaovuta tatu au nne mfululizo wanavuta mpaka wapate wanayoitaka, na kila karata wanayoongeza ina nafasi ya moja kwa tano hivi ya kuwa mtu mwingine. Wanaishia na kijiji mezani.

Badili karata mbili uone mstari unavyogeuka. Weka Saba ya Shupaza mahali pa Tano ya Uru, na Mwezi mahali pa Sita ya Uru, mwache Kijana wa Kopa palepale. Sasa kati ya wawili kuna mtu anayenyata, na mbele kuna njia yenye giza, mbwa na mbwa mwitu wanabweka. Mtoto wa miaka 16 bado yumo kwenye orodha, kwa hiyo jaribio la kwanza linabaki na shaka, lakini mawili mengine yamekaza. Hapo ningesema kuna jambo linafichwa linalomhusu mtu mwenye ujana au uchanga ndani yake. Sitasema ni mwanamke. Hata siri ya mtoto ni siri.

Kwa mtandazo wa kwanza, maneno ya kumwambia mteja yanakuwa mafupi.

"Dada, kwenye kiti cha nje amekaa mtoto. Fedha zinaelekea huko, na mumeo hana raha ya kulisema. Hebu niambie, yule mtoto wa kwanza yuko kidato gani?"

"Amemaliza cha nne. Anasubiri kupelekwa chuo."

"Umewahi kuulizwa kuhusu ada yake?"

Ananyamaza kidogo. "Mama mkwe alinigusia. Nikamwambia hilo ni lao."

Hilo la mwisho halikuwamo kwenye karata. Karata zilielekeza swali, jibu amelitoa yeye. Nalo haliwezi kuthibitisha chochote kuhusu Muscat, na msomaji asilisukume lifike huko. Andika kwenye daftari: tarehe, karata tano na ya ziada, aliyepewa kila mtu, na jaribio lililoangusha. Baada ya miezi mitatu, mteja akirudi, ndipo utajua kama unawagawa watu viti vizuri au una mazoea ya kumgeuza kila Kijana kuwa mtoto, ambayo ni kasoro ileile ya kumgeuza kila Malkia kuwa hawara, imevaa nguo nyingine.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

"Sijasema hakuna. Nimesema karata hizi hazijamweka."

"Basi changa tena tuone."

"Nikichanga tena sasa hivi, dada, mara saba kati ya kumi atatokea mtu. Tutampa jina gani?"